Kabla ya oda ya kwanza: jinsi ya kumchunguza msambazaji mpya Uganda

Faili la msambazaji mpya huwa linapendeza. Lina cheti cha usajili chenye muhuri, TIN, cheti cha kutodaiwa kodi, barua tatu za sifa na picha za ghala lililojaa magunia. Afisa ununuzi anatia alama kwenye kila kisanduku cha fomu, meneja anasaini, na msambazaji anaingizwa kwenye orodha. Miezi miwili baadaye mzigo haufiki, na hakuna karatasi hata moja kwenye faili ambayo ni ya uongo.

Hapo ndipo penye tatizo. Karatasi ikisomwa peke yake hujibu swali moja tu, na mara nyingi si swali lako. Mwongozo huu unafundisha kuziweka karatasi uso kwa uso: jina hili lilingane na lile, na tani alizotaja zilingane na umeme alioutumia na pesa zilizopita benki. Zisipolingana, unauliza.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kampuni yako inalisha shule za bweni za Tororo na Busia, na unahitaji tani 30 za unga wa posho, yaani wa mahindi, kila mwezi. Mwenye kinu kutoka upande wa Iganga amekuja na bei ya shilingi 2,200 kwa kilo, chini kidogo ya unayolipa sasa. Anasema anasaga tani 8 za unga kwa siku, ana wafanyakazi 24, na amekuwa kwenye kazi hii miaka 11. Masharti yako ya kawaida ni kulipa siku 30 baada ya kupokea mzigo. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini hesabu yake unaweza kuifanya kwa kinu chochote, na kwa marekebisho kidogo hata kwa mtengeneza matofali au kiwanda cha maji.

Hatua ya 1: Pata ridhaa ya maandishi kwanza

Kabla hujaomba karatasi yoyote, mpe barua ya ukurasa mmoja aisaini. Barua inakuruhusu kuthibitisha nyaraka zake kwa waliozitoa, kuzungumza na wateja wake na benki yake, na kuomba ripoti yake ya mikopo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uwe na msingi halali wa kukusanya taarifa za mtu, na wenye vinu wengi hapa ni mtu na kampuni kwa pamoja: simu yake ndiyo simu ya kampuni, na deni lake ndilo deni la kampuni.

Barua hii ina faida nyingine. Anayeisaini papo hapo na anayesema "nitairudisha wiki ijayo" si watu wa aina moja. Usimhukumu kwa hilo, ila liandike.

Hatua ya 2: Usajili, na nani hasa anauza

Swali la hatua hii si kama biashara imesajiliwa. Unataka kujua utakuwa unaingia mkataba na nani, na kama huyo ana mamlaka ya kusaini.

Anza URSB, ofisi ya usajili wa kampuni. Tafuta jina kwenye mfumo wao wa mtandaoni, kisha lipia upekuzi rasmi wa faili la kampuni. Ukifanya upekuzi mwenyewe, nakala inakufikia kutoka ofisini bila kupitia mkononi mwa msambazaji. Cheti cha usajili kinathibitisha kwamba kampuni ilizaliwa. Hakikuambii kama bado iko hai, nani anaiendesha, wala kama imewahi kuwasilisha ritani ya mwaka. Hayo utayapata ndani ya faili.

Kwanza tofautisha kampuni na jina la biashara. Vyote vinasajiliwa URSB na vyote vina cheti, lakini jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Likikudai au ukilidai, kesi ni ya mwenyewe binafsi. Hakuna ubaya kununua kwa mwenye jina la biashara, ila mkataba uandikwe kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, pamoja na NIN, namba ya kitambulisho hicho, na jina la biashara lifuate baadaye.

Ikiwa ni kampuni, omba fomu ya wakurugenzi, ile ambayo watu wa kazi hii huiita Fomu 20, pamoja na ritani ya mwaka ya karibuni. Tangu kanuni za 2023 kampuni pia zinatakiwa kumtaja mmiliki wa kweli, yaani mtu anayenufaika nyuma ya hisa. Chukua majina hayo yote na uyafanyie mambo mawili. Yalinganishe na orodha ya wafanyakazi wako mwenyewe, majina na namba za simu, hasa walio kwenye ununuzi, stoo na malipo. Kisha tazama kama mtu unayezungumza naye kila siku yumo.

Katika mfano wetu hayumo. Mwenye kinu aliyekuja ofisini si mkurugenzi. Wakurugenzi ni mke wake na shemeji yake. Jambo hili ni la kawaida, na mara nyingi sababu yake ni ya kifamilia tu. Lakini hawezi kusaini mkataba wako hadi alete azimio la bodi linalomtaja, au hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Mwombe bila kumwonyesha kwamba unamtilia shaka: "Mzee, wakaguzi wetu wanataka barua ya bodi." Wakaguzi hubebeshwa mengi katika kazi hii, na mabega yao yana nguvu.

Kampuni ina miaka 2, naye alisema 11. Usikimbilie kumwita mwongo. Wengi huanza na jina la biashara kisha hufungua kampuni wakipata zabuni inayodai hivyo. Mwulize alikuwa akitumia jina gani, ulitafute URSB, na uone kama lipo na ni la mwaka gani. Likipatikana, miaka 11 inasimama. Lisipopatikana, una swali la kumrudishia.

Sasa fanya ulinganisho wa majina. Andika kwenye mstari mmoja jina lililo kwenye cheti cha URSB, jina la TIN kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, yaani URA, jina la akaunti ya benki na jina linalotoka kwenye ankara. Yote manne yafanane neno kwa neno. TIN ina tarakimu 10 na unaithibitisha bure kwenye tovuti ya URA, na cheti cha kutodaiwa kodi nacho kithibitishe huko, usiiamini karatasi. Akaunti ya benki ikiwa kwa jina la mtu binafsi ilhali unanunua kwa kampuni, malipo hayatoki. Namba ya simu ya pesa kwa jina la "msimamizi" pia haikubaliki.

Kuhusu ankara: kama amesajiliwa kwa VAT, lazima atoe ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Mwombe tatu alizowapa wateja wengine miezi ya karibuni, akifunika bei akitaka. Kila moja ina namba ya hati ya kodi, namba ya uthibitisho na alama ya kupigia picha kwa simu. Ziingize kwenye tovuti ya URA uone kama zipo. Hili linagusa mfuko wako moja kwa moja, kwa sababu ukinunua kwa anayetakiwa kutumia EFRIS ukapokea risiti ya kuandikwa kwa mkono, URA inaweza kukataa gharama hiyo kwenye hesabu zako za kodi ya mapato.

Kwa chakula ongeza UNBS, shirika la viwango la Uganda. Alama ya Q hutolewa kwa bidhaa na chapa maalumu, haitolewi kwa mtu. Mwenye kinu anaweza kuwa na kibali halali cha chapa moja huku akikuletea unga kwenye magunia ya chapa nyingine. Soma kibali: jina la mzalishaji, bidhaa, chapa, mahali kinu kilipo na tarehe ya kuisha. Kisha soma gunia lenyewe.

Hatua ya 3: Upekuzi wa madeni na kesi

Hatua hii ni fupi, na wengi huiruka bila sababu. Tafuta jina la kampuni na majina ya wakurugenzi kwenye ulii.org, ambako hukumu za mahakama za Uganda zinapatikana bure. Angalia orodha ya PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma, ya waliosimamishwa kwenye zabuni za serikali. Halafu pekua SIMPO, daftari la URSB la mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana, lililoanzishwa chini ya sheria ya 2019. Hapo utaona kama mashine, lori au hata mahindi ya ghalani yamewekwa rehani.

Mashine kuwa na rehani si doa. Mwenye kinu aliyekopa benki kununua kinu ni mtu ambaye benki ilishamchunguza. Unachotafuta ni rehani ambayo hakukuambia, au rehani juu ya stoki yote, kwa maana siku benki ikija kuchukua chake, mahindi uliyolipia malipo ya awali yatakwenda nayo.

Hatua ya 4: Wadhamini, na wale ambao hawakutajwa

Barua za sifa ziweke pembeni. Hakuna msambazaji anayeleta barua ya mteja aliyegombana naye. Chukua majina tu, kisha tafuta namba za simu mwenyewe: ya ofisi ya shule, iliyo kwenye bango au kwenye barua zao, wala si ile aliyoiandika msambazaji. Piga mchana, uliza basari, yaani mtunza fedha wa shule.

Usiulize "Huyu mtu ni mzuri?" Kila mtu atasema ni mzuri, kwa kuwa hakuna anayetaka kumharibia mwenzake riziki kwa simu. Uliza mambo yanayojibika kwa tarehe na idadi. Mazungumzo huwa hivi:

"Habari za kazi, madamu. Napiga kutoka kampuni ya chakula hapa Tororo. Kuna mwenye kinu ametutajia shule yenu. Mara ya mwisho aliwaletea unga lini?"

"Alileta... nadhani mwezi wa tatu."

"Na kawaida analeta gunia ngapi?"

"Tulikuwa tunachukua mia moja za kilo hamsini. Siku hizi tunachukua arobaini kwake, zingine kwa mtu mwingine."

"Mlipunguza kwa nini, madamu?"

"Mwezi wa tano huwa anachelewa. Unga wake si mbaya. Lakini mwezi wa tano, aa, huyo humpati."

Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko barua zote tatu. Hakusema mwenye kinu ni tapeli, na wala si tapeli. Alisema mzigo unapungua wakati fulani wa mwaka, na sasa unajua cha kutafuta kwenye hatua mbili zinazofuata. Mavuno ya kwanza mashariki huingia karibu Julai na Agosti, ya pili Desemba na Januari. Mei ni mwezi wa njaa ya ghala: mahindi ni machache na bei iko juu, na asiye na pesa taslimu hasagi.

Baada ya wadhamini wake, zungumza na watu ambao hakuwataja. Wauza mahindi wanaomletea nafaka watakuambia kama analipa siku ileile au anawazungusha. Wenye malori wanajua anasafirisha nini na mara ngapi. Na kuna mtu ambaye maafisa ununuzi humsahau kabisa, naye ni mnunuzi wa pumba. Kinu kinachokoboa mahindi hutoa pumba kila siku, na wafugaji wa kuku na nguruwe huja kuzichukua. Mnunuzi wa pumba anajua kinu kinasaga kiasi gani kwa wiki, na hana sababu ya kumpamba mtu.

Taja kwamba una ridhaa ya mwenyewe, uliza machache, usieneze habari ya mtu mmoja kwa mwingine. Iganga ni mji mdogo.

Hatua ya 5: Uwezo, kwa kalamu na saa

Nenda kinuni. Mara ya kwanza kwa miadi, ya pili bila kumwambia, ikiwezekana asubuhi ya siku ya kazi. Ziara ya miadi inakuonyesha kinu kikiwa kimevaa nguo za sikukuu, na ghala lililojaa siku hiyo linaweza kuwa limejaa mahindi ya jirani. Uliza mahindi haya ni ya nani, na omba kuona daftari la kupokelea.

Kazi kubwa ya ziara ni kupima. Soma bati la kila mota. Katika mfano wetu mashine ya kukoboa ina kilowati 22 na kinu cha kusaga kina kilowati 37, jumla 59. Kisha simama na saa yako wakati wanafanya kazi. Gunia 10 za kilo 100 zilikobolewa kwa saa moja, yaani tani 1 ya mahindi kwa saa. Pima na unga uliotoka: kilo 66 kwa kila kilo 100 za mahindi, kwa unga namba moja. Iliyobaki ni pumba na vumbi. Kwa unga uliokobolewa vizuri hiyo ni kawaida. Mtu akikuambia anapata kilo 85 za namba moja, basi hakoboi, au si namba moja.

Sasa omba bili za umeme za miezi 12. Bili ya umeme ni shahidi bora kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yako. Soma uniti peke yake na uziache shilingi, kwani bei ya umeme hubadilika. Angalia pia jina la aliyeitoa: tangu tarehe 1 Aprili 2025 umeme unasambazwa na UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika 31 Machi, kwa hiyo bili ya Juni 2025 yenye nembo ya Umeme imetengenezwa mezani kwa mtu.

Bili za mwenye kinu wetu zinaonyesha wastani wa uniti 5,200 kwa mwezi. Mota hazifanyi kazi kwa nguvu zote muda wote, kwa hiyo chukua asilimia 80 ya kilowati 59, ambayo ni 47 hivi. Gawa 5,200 kwa 47: unapata karibu saa 110 za kazi kwa mwezi. Kwa tani 1 kwa saa hizo ni tani 110 za mahindi, na kwa asilimia 66 ni kama tani 73 za unga.

Yeye alisema tani 8 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi hizo ni tani 200. Umeme unasema 73.

Kabla hujapiga meza, fikiria njia nyingine ambazo tani zilizopungua zingeweza kupita. Je, ana jenereta? Basi omba risiti za dizeli uziongeze. Je, ana kinu cha pili chenye mita yake? Kione. Je, tani 8 ni uwezo wa mashine na si uzalishaji wa kila siku? Hilo ndilo jibu la mara nyingi, na lina ukweli: mashine ya tani 1 ya mahindi kwa saa, ikienda saa 12, hutoa karibu tani 8 za unga. Mwenye kinu alikuambia kinachowezekana, wewe ukasikia kinachofanyika. Bili za kila mwezi zitakuonyesha na Mei ya madamu basari. Mei iliyopita uniti zilikuwa 2,900.

Sasa toa wateja wake wa sasa. Kwa madaftari ya kupelekea mzigo, anapeleka tani 55 kwa mwezi. Inabaki 18. Wewe unataka 30.

Kuhusu wafanyakazi 24, omba orodha ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya mwezi uliopita. Mwajiri anachangia asilimia 10 na mfanyakazi 5, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Orodha ya kwake ina majina 9. Wengine ni vibarua wa kupakia na kushona magunia, jambo la kawaida kwenye vinu, lakini 9 ndiyo idadi ya kuandika.

Ukiwa hapohapo, pima unyevu wa mahindi kwa kipimo chako. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na aflatoksini, yaani sumukuvu, isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Unyevu unaupima mwenyewe kwa dakika mbili. Sumukuvu inahitaji maabara, na sampuli uichukue wewe, kutoka magunia mengi, ya juu na ya chini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu hiyohiyo, na waliokuwa na ripoti za maabara ndio waliokuwa na la kusema mpakani. Tazama pia kama magunia yamewekwa juu ya mbao au sakafuni. Magunia ya sakafuni yanakuambia hali ya mahindi ya mwezi ujao.

Hatua ya 6: Afya ya pesa

Kampuni kubwa itakupa hesabu zilizokaguliwa. Kabla ya kuzisoma, hakikisha mkaguzi yupo: ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, ina orodha ya wahasibu na ofisi zenye leseni. Piga simu kwa ofisi hiyo uulize kama kweli walisaini hesabu za mteja huyu za mwaka huo. Kisha linganisha mauzo yaliyo kwenye hesabu na yale aliyoyatangaza kwenye ritani ya URA. Biashara nyingi zina vitabu vya aina tatu: vya benki, vyenye faida nono, vya URA, vyenye hasara ya kusikitisha, na daftari la mwenyewe, ambalo ndilo la kweli. Tofauti ya benki na URA ikiwa ndogo, uliza. Ikiwa mara tatu, simama.

Mwenye kinu wa kawaida hana hesabu zilizokaguliwa, na kumlazimisha azitafute kunazaa hesabu za kutengenezwa. Kwake tumia taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12, zilizotoka benki moja kwa moja au zenye muhuri ulioupigia simu tawi kuuthibitisha. Tafuta vitu vitatu. Kwanza, pesa zinazoingia zilingane na tani: tani 55 kwa shilingi 2,200 ni milioni 121 kwa mwezi. Pili, pesa zinazoingia asubuhi na kutoka jioni kiasi kilekile, zikizungushwa ili akaunti ionekane na shughuli. Tatu, mkopo ulioingizwa unaoonekana kama mauzo. Kisha omba ripoti yake ya mikopo kutoka kwa ofisi iliyopewa leseni na Benki ya Uganda, kwa ridhaa aliyokwisha kusaini. Ripoti hiyo haitaonyesha anachodaiwa na muuza mahindi wa sokoni, na ndiyo sababu ulizungumza na wauza mahindi.

Katika mfano wetu pesa zinazoingia ni milioni 115 hadi 125, zinalingana na tani 55. Mkopo mmoja wa benki unalipwa kwa wakati. Salio la kawaida katikati ya mwezi ni kati ya milioni 14 na 20. Mtu huyu ni mwaminifu na biashara yake ni nzima. Sasa uliza swali ambalo fomu nyingi hazina: je, biashara hii nzima inaweza kukubeba wewe?

Tani 30 za unga zinahitaji tani 45 na nusu za mahindi. Kwa shilingi 1,200 kwa kilo ni karibu milioni 54.5 kwa mwezi. Mahindi yanakaa ghalani na kinuni kama wiki mbili kabla ya kukufikia, kisha wewe unalipa baada ya siku 30. Jumla ni siku 45, kwa hiyo wakati wowote atakuwa amefungiwa karibu milioni 82 kwenye mzigo wako peke yako. Ana milioni 14 hadi 20, na hizo zinawahudumia wateja wengine.

Akikubali masharti yako, na atakubali kwa kuwa oda ni kubwa, mambo yatakwenda hivi: mwezi wa kwanza atakopa mahindi, wa pili atawachelewesha wauza mahindi, wa tatu wataacha kumletea. Hapo atasaga mahindi mabichi ya bei rahisi, au atapunguza wateja wa zamani, au atakoma kupokea simu zako. Kwa mbali ataonekana tapeli, ilhali masharti yako ndiyo yaliyommaliza.

Hatua ya 7: Uamuzi na mkataba

Usiandike "amepita" au "ameshindwa". Andika anaweza nini, kwa masharti gani. Kwa mwenye kinu wetu ningeandika hivi: tani 12 kwa mwezi, kwa mafungu ya tani 3 kila wiki, malipo ndani ya siku 7 tangu kupokea. Kwa hesabu ileile ya siku, sasa 21, atafungiwa kama milioni 15, kiasi ambacho akaunti yake inakaribia kukibeba. Tani 18 zilizobaki zichukuliwe kwa msambazaji wa sasa. Mei na Juni oda ishuke hadi tani 6, na iandikwe hivyo kwenye mkataba tangu mwanzo ili kila upande ujipange. Ukitaka kufika tani 30, mlango upo: fupisha malipo zaidi, au mpe malipo ya awali yenye dhamana ya benki, wala si dhamana ya maneno.

Fungu la kwanza lipimwe lote, uzito na unyevu, gunia kwa gunia. Malipo ya kwanza yawe madogo, na uthibitishe kwa sauti ya mkurugenzi, kwa namba uliyoitoa URSB, kwamba yamefika. Andika kwenye mkataba kwamba akaunti haibadilishwi kwa simu wala kwa barua pepe, ila kwa barua ya bodi inayoletwa kwa mkono.

Kisha weka tarehe kwenye kalenda: siku ya kuisha kwa cheti cha kodi, siku ya kuisha kwa kibali cha UNBS, na bili za umeme kila baada ya miezi mitatu. Uniti zikipanda kutoka 5,200 hadi 6,000 huku tani zako 12 zikifika, anasaga za kwako juu ya za wengine. Uniti zikibaki palepale na mzigo wako unafika, basi unakula zile tani 18 zilizokuwa zikibaki, au kuna mteja mwingine anayenyimwa, au kuna unga anaununua kwingine na kuutia kwenye magunia yake. Mpigie mnunuzi wa pumba.